Siku Tatu Baharini: Namna ya Kufupisha Novela ya Tukio Moja

Mwanafunzi akiambiwa afupishe riwaya ya kurasa mia nne hunung'unika kwamba mambo ni mengi, hajui aanzie wapi. Akiambiwa afupishe novela ya kurasa mia moja hufurahi, akidhani kwamba nusu ya kazi imekwisha fanywa na mwandishi mwenyewe. Msomaji mpenzi, nami nilifurahi hivyo nilipokuwa katika chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu alitupa kitabu cha Ernest Hemingway, Mmarekani, ambacho jina lake kwa lugha yetu ni Mzee na Bahari, akatuamuru tukifupishe. Nilikisoma kwa siku mbili, nikaandika mistari mitatu: mvuvi mzee alikaa siku nyingi bila ya kupata kitu, akanasa samaki mkubwa mno, papa wakamla samaki huyo kabla hajafika pwani. Karatasi yangu ilirudi na alama mbili katika ishirini, na chini yake swali moja kwa wino mwekundu: "Umenieleza habari za samaki. Je, mzee yuko wapi?"

Sikusema uongo hata katika mstari mmoja, na hata hivyo nilikuwa nimekipoteza kitabu chote. Nataka kukuonyesha kosa langu lilikuwa wapi, kwa sababu ndilo kosa ambalo wanafunzi wengi hulifanya wakikutana na novela iliyojengwa juu ya tukio moja tu.

Kwanza yafaa tujue tukio hilo lilitoka wapi. Mwaka 1936 Hemingway aliandika makala katika gazeti la Marekani juu ya uvuvi katika mkondo mkubwa wa bahari unaopita karibu na kisiwa cha Kuba. Ndani ya makala hiyo, katika aya moja, alisimulia habari za mzee mmoja aliyekuwa akivua peke yake katika mashua ndogo. Mzee huyo alinasa nduaro, yule samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu kama mkuki, jamaa ya sulisuli, ambaye wavuvi wa Malindi, Watamu na Shimoni wanamfahamu vizuri. Samaki akaikokota mashua hadi mbali. Siku mbili baadaye wavuvi wengine walimwokota mzee maili 60 kuelekea mashariki. Kichwa na sehemu ya mbele ya samaki vilikuwa vimefungwa ubavuni mwa mashua, na sehemu hiyo iliyosalia, ambayo haikufika nusu, ilikuwa na uzito wa ratili 800. Papa walikuwa wamekula nyingine yote. Mzee alikuwa akilia, karibu apotewe na akili, na papa wangali wakizunguka.

Miaka 16 ilipita. Mwaka 1952 aya ile ilitoka tena, sasa ikiwa novela nzima, nayo ilichapishwa yote katika toleo moja la jarida la kila wiki kabla ya kuuzwa kama kitabu. Ina maneno yapata elfu ishirini na saba, wala haina sura hata moja. Tukilinganisha aya na novela twaona jambo la ajabu: matukio hayakuongezeka sana. Katika aya samaki ananaswa, anavuta, anauawa, analiwa. Katika novela ni hayo hayo. Kwa hiyo aliyefupisha novela kwa kutaja matukio tu, kama nilivyofanya mimi, huwa ameirudisha kuwa ile aya ya gazeti. Ametupa kazi yote ya miaka 16, akabaki na habari.

Basi mwandishi aliongeza nini? Aliongeza mambo matatu, na akaondoa moja. Aliongeza jina na historia: mzee anaitwa Santiago, na amekaa siku 84 bila ya kupata samaki. Aliongeza mtoto, Manolin, aliyekuwa akivua pamoja naye siku 40 za kwanza, mpaka wazazi wake walipomwondoa na kumtia katika mashua nyingine kwa kuwa mzee ana kisirani. Aliongeza mambo yanayopita moyoni mwa mzee akiwa peke yake. Alichoondoa ni wale wavuvi wenye kuokoa. Katika novela hapana mtu anayemwokota Santiago. Hurudi kwa tanga lake mwenyewe, usiku, taa za mji zikimwongoza. Fikiri kidogo kwa nini wameondolewa. Kama wangekuja, tukio lingemalizwa na watu tusiowajua, na swali tulilokuwa tukilifuata tangu mwanzo lingekatwa kabla ya kujibiwa.

Neno hilo "swali" ndilo ufunguo wa kazi yetu. Tukio moja refu haliwezi kumshika msomaji kwa kurasa mia isipokuwa lina swali moja linalokaa wazi muda wote. Ukitaka kufupisha novela ya namna hii, tafuta swali lake kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Wengi husema swali la kitabu hiki ni: je, mzee atampata samaki? Swali hilo haliwezi kuwa lenyewe, na ushahidi u ndani ya kitabu. Samaki anauawa kitabu kikiwa kimefika kiasi cha robo tatu. Kama swali lingekuwa la kumpata samaki, robo ya mwisho ingekuwa mkia usio na kazi. Swali la kweli ni lile linaloanza ukurasa wa kwanza na kumalizika ukurasa wa mwisho: mtu aliyehesabiwa na wenziwe kuwa amekwisha, je, amekwisha kweli? Siku 84 zinaliuliza. Wazazi wa Manolin wamelijibu kwa upande wao. Siku tatu za baharini zinalijibu kwa njia nyingine.

Ukishapata swali, tafuta mahali ambapo hali ya mambo yageuka. Usihesabu kila kitendo, hesabu mageuzi. Katika kitabu hiki ni machache, nami nitayafuata moja baada ya moja.

Siku ya 85 Santiago anatoka kabla ya jua, anakwenda mbali kuliko wenziwe, anashusha vyambo vinne katika vina mbalimbali: pima 40, pima 75, pima 100 na pima 125. Vipimo hivyo si mapambo. Vyatuonyesha fundi anayeshika mishipi yake wima na sawasawa, asiyetegemea bahati ingawa wenziwe wasema amekosa bahati. Saa sita mchana samaki anakula chambo cha pima 100. Hilo ndilo geuzo la kwanza, na mara linazaa la pili: samaki hapandi juu wala hachoki, bali anaikokota mashua kuelekea kaskazini-magharibi, mzee ameupitisha mshipi mgongoni. Mvuvi amekuwa mvuliwa. Usiku unapita hivyo, na siku ya pili, na usiku wa pili.

Katika muda huo mrefu mambo madogo yanatokea. Ndege mdogo aliyechoka anatua juu ya mshipi. Mkono wa kushoto wa mzee unakakamaa. Anakula jodari mbichi bila ya chumvi wala ndimu ili asiishiwe na nguvu. Anakumbuka jinsi alivyoshindana nguvu za mikono na mtu mmoja shupavu wa Sienfuegosi, mchana mmoja na usiku mmoja, mpaka akamshinda. Je, haya yote yaingie katika muhtasari? Nakupa kipimo chepesi. Uliza: jambo hili latenda kazi gani katika swali? Kumbukumbu ya kushindana mikono yaingia, kwa maneno machache, kwa kuwa mzee anaitumia kama mtu atumiavyo chakula. Anajikumbusha nafsi yake ilivyokuwa ili aistahimili ilivyo sasa. Mkono uliokakamaa waingia, kwani ni mwili wake unaomkana saa ya haja. Ndege, ingawa ni mzuri, aweza kuachwa. Usiseme kwamba si wa maana. Sema tu kwamba muhtasari mfupi wajua kumwacha bila ya kuvunjika.

Asubuhi ya tatu samaki anaanza kuzunguka. Mzunguko baada ya mzunguko mzee anamvuta karibu, naye mwenyewe yu karibu kuzimia, mpaka karibu na adhuhuri anampiga chusa. Samaki ana urefu wa futi 18, na mashua ina futi 16, kwa hiyo hawezi kupakiwa, anafungwa ubavuni. Hilo ni geuzo la tatu, na ndipo wasomaji wengi wanapofunga macho.

Lakini hapo ndipo ufundi wa kitabu unapoonekana. Baada ya saa moja hivi papa wa kwanza anafika. Mzee anamwua kwa chusa, na papa anazama na chusa hiyo pamoja na kamba yake. Papa wawili wanakuja. Mzee amefunga kisu katika kasia, anawaua. Anakuja mwingine, na kisu kinavunjika. Jua linapokuchwa anapigana kwa rungu. Usiku wa manane wanakuja kundi zima. Rungu linanyakuliwa gizani. Anang'oa kana ya usukani na kupiga nayo mpaka nayo inavunjika. Tazama mpango huo: chusa, kisu, rungu, kana. Kila papa anaondoka na nyama, na kila papa anaondoka na silaha. Mtu anavuliwa vitu vyake kimoja kimoja, na swali letu laulizwa upya kila mara: na sasa je, amekwisha? Mimi niliandika "papa wakamla samaki", nikaibomoa ngazi hii kwa maneno matatu.

Sasa tuyakusanye. Huu ni muhtasari ambao ningependa ningaliuandika siku ile:

"Santiago, mvuvi mzee wa Kuba, amekaa siku 84 bila ya samaki, hata mtoto Manolin ampendaye ameondolewa na wazazi wake kwenda mashua yenye bahati. Siku ya 85 anakwenda peke yake mbali sana na kumnasa nduaro mkubwa kuliko mashua yake. Siku mbili samaki anamkokota. Mzee, mkono umemkakamaa na mshipi umemkata, anajilisha samaki mbichi na kumbukumbu za nguvu zake za zamani, na anaanza kumwita samaki ndugu. Siku ya tatu anamwua. Wakati wa kurudi papa wanamla samaki kidogo kidogo, na mzee anawapiga kwa kila alicho nacho, silaha baada ya silaha, hata baada ya kujua kwamba hapana kitakachosalia. Anafika usiku na mifupa mitupu, anabeba mlingoti hadi kibandani akianguka na kupumzika njiani. Asubuhi Manolin anaona mikono yake, analia, na anaazimia kuvua naye tena, wazazi wapende wasipende. Mzee amelala, anaota simba aliowaona ujanani katika pwani ya Afrika."

Ona kwamba muhtasari huu umeanza kwa mtoto kuondoka na umekwisha kwa mtoto kurudi. Hapo ndipo jibu la swali lilipo. Samaki amepotea, lakini hukumu ya siku 84 imetenguliwa na mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kuitengua. Ona tena kwamba sikuandika "kitabu hiki chatufundisha subira". Imo sentensi moja ndani ya kitabu ambayo watu hupenda kuinukuu kama fundisho lake, na wako wanaoinukuu badala ya kufupisha. Fundisho si muhtasari. Ukimwambia mtu fundisho tu, hajui nini kilichotendeka. Ukimwambia vizuri kilichotendeka, fundisho atalipata mwenyewe.

Sasa tugeukie sehemu ya pili: novela hii yatofautianaje na riwaya kamili? Wengi hujibu kwa kuhesabu kurasa. Idadi ya kurasa ni dalili tu. Tofauti yenyewe i katika ujenzi. Tuchukue riwaya yenye maudhui karibu na haya, Moby-Dick ya Herman Melville, iliyotoka mwaka 1851. Humo pia mna mzee, bahari, na windo la kiumbe mkubwa. Windo lenyewe pia lina siku tatu. Lakini riwaya hiyo ina sura 135 na hitimisho, na siku tatu za windo zimechukua sura tatu za mwisho tu. Nahodha Ahabu haonekani sitahani mpaka sura ya 28. Kabla ya hapo tumeshakaa mjini, tumesikia mahubiri, tumepata rafiki, tumeajiriwa melini. Baadaye masimulizi husimama ili tuelezwe aina za nyangumi, namna ya kuchinja na kuyeyusha mafuta, na habari za meli nyingine zinazokutana na ile ya Ahabu.

Kwa hiyo twaweza kusema hivi: sura tatu za mwisho za Melville ndizo zinazolingana na kitabu kizima cha Hemingway. Riwaya yatupa ulimwengu, kisha ndani ya ulimwengu huo yatupa tukio. Novela ya namna hii yatupa tukio, na ulimwengu twauona kwa kupitia tundu la tukio hilo. Mke wa Santiago amekufa. Hatuna sura ya ndoa yao, ila picha aliyoiondoa ukutani kwa kuwa kuitazama kulimzidishia upweke. Ujana wake tunao katika ndoto ya simba. Katika riwaya kila kimoja cha vitu hivi kingeweza kupewa sura nzima na watu wake. Hapa kinapewa sentensi chache, kisha mshipi unavuta, nasi twarudi mashuani.

Tofauti hii yabadili kazi ya mwenye kufupisha. Katika riwaya kazi yako ni kuchagua: nyuzi ni nyingi, nawe washika ule ulio mkuu na kuacha mingine. Waweza kufupisha Moby-Dick bila ya kutaja sura ya aina za nyangumi, na mwalimu hatakulaumu. Katika novela uzi ni mmoja, hapana wa kuchagua. Kazi yako ni kulinda kipimo: robo ya papa ipate nafasi yake, mwanzo wa pwani upate nafasi yake, na siku mbili za kukokotwa zihisiwe kuwa ndefu ingawa umezitaja kwa sentensi moja. Ukitaka kujua kama umelinda kipimo, chukua rula. Tazama muhtasari wako umetumia mistari mingapi kabla ya samaki kufa na mingapi baadaye. Ukikuta mistari tisa na mmoja, umekosa, hata kama kila neno ni la kweli.

Lakini usidhani kwamba riwaya ni bora kwa kuwa ina mengi, wala kwamba novela ni bora kwa kuwa imekazwa. Novela imelipa gharama. Hatumjui Manolin ila katika upendo wake. Hatujui wazazi wake wana haki gani, nao huenda wana haki, maana watoto hawali uaminifu. Mwandishi wa riwaya angeweza kutupeleka nyumbani kwao na kutuonyesha sufuria iliyo tupu. Hemingway hakuweza kutupeleka huko bila ya kuukata mshipi.

Mwishoni mwa kitabu kiko kisa kidogo ambacho sikukijali nilipokisoma mara ya kwanza. Wageni wa utalii wamekaa katika mkahawa ulio juu ya pwani. Mwanamke mmoja anaona uti mrefu wa mifupa wenye mkia mkubwa ukielea majini pamoja na takataka, anamwuliza mtumishi ni kitu gani. Mtumishi anataka kumweleza yaliyotokea, na neno linalomtoka ni "papa". Mwanamke anaridhika, anasema hakujua kwamba papa wana mikia mizuri namna ile.

Mtumishi hakudanganya. Alikuwa anaanza kusimulia, na neno lake la kwanza lilikuwa la kweli, ila lilitoka peke yake. Mimi pia niliandika mistari mitatu ya kweli, na mkufunzi wangu aliyeisoma, lau hangekuwa amekisoma kitabu, angaliinuka na kwenda zake akidhani ameshaelewa.